Bahasha Mbili za Bu Haji

Kwetu Sumberjati hakuna anayehesabu pesa mbele ya Bu Haji Marfuah, mama mwenye duka letu la kutolea pesa. Si kwamba amekataza. Benki yenyewe imembandikia karatasi ukutani, juu kidogo ya mitungi ya gesi, ya kuwaambia wateja wahesabu pesa zao kabla hawajaondoka dirishani. Karatasi imekaa pale miaka mitatu, rangi imefifia. Lakini hebu fikiria mwenyewe. Mama wa watu ameenda Maka, jioni anawafundisha watoto wako Kurani, mwaka wa mafuriko alikukopesha mchele bila kukuuliza utalipa lini, halafu leo ulambe kidole uanze kupekua noti zake moja moja, naye anakutazama? Si umemwita mwizi huko? Basi watu huchukua bahasha, hushukuru, huinamisha kichwa, huondoka. Haya hiyo tumezaliwa nayo, na nawaambia, ni haya ya gharama.

Wening alikuwa nayo kuliko wengi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ameolewa mwaka jana tu, na mumewe Sutris alikaa naye miezi minne kabla ya kurudi Taiwan kwenye kiwanda cha vyuma. Wening akabaki na mama mkwe, Mak Tumirah. Kuishi na mkwe huku mume yuko ng'ambo si mchezo. Chumvi ikizidi ni wewe, ikipungua ni wewe, paka akiiba samaki ni wewe hukufunika.

Kilichomuuma Mak Tumirah zaidi ni simu. Zamani Sutris alikuwa akituma pesa kwa dada yake Ratri, naye Ratri anampelekea mama. Tangu aoe, anazituma kwa mkewe. Hata akaunti Wening hana, wala kadi. Sutris huingia kwenye akaunti yake ya nyumbani kwa simu, anaomba kutoa pesa bila kadi, benki inampa namba ya kutolea, naye anaituma kwa mkewe kwa wasap. Wening anakwenda kwa Bu Haji, ambaye ndiye wakala wa benki kijijini. Bu Haji anaingiza kwenye mashine namba ya simu ya Sutris, kisha ile namba ya kutolea, risiti inatoka, pesa inatoka. Namba inafanya kazi mara moja tu, na ikipita saa moja bila kutumika inakufa.

"Nitumie na mimi hizo namba," Mak Tumirah aliwahi kumwambia. "Nikae nazo tu, kwani nitazila?"

"Mak, Bu Haji anasema namba hiyo ni sawa na pesa mkononi. Asiyekwenda kutoa asiwe nayo."

"Bu Haji anasema, Bu Haji anasema! Mimi ndiye niliyemzaa huyo mwenye akaunti, si Bu Haji."

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, zimebaki siku sita kufika Idi, na paa la jikoni lilikuwa linavuja. Sutris alikubali kununua vigae vipya, rupia milioni nne, vigae vinaletwa na lori na muuzaji analipwa taslimu papo hapo. Asubuhi hiyo, kabla jua halijawa kali, Mak Tumirah alijifunga mtandio akasema anakwenda sokoni kununua mchicha. Alikaa huko zaidi ya saa nzima. Aliporudi alikuwa na fungu moja la mchicha, tena uliosinyaa. Wening aliona, hakuuliza. Mkwe haulizwi habari za mchicha.

Saa tatu na dakika kumi simu ikalia. Namba mbili, moja chini ya nyingine, kwa sababu benki yao hairuhusu zaidi ya milioni mbili kwa namba moja. Chini yake Sutris ameandika: "Nenda sasa hivi, mpenzi, muda wake mfupi. Risiti utunze."

Wening alikwenda mbio mbio hadi kandambili zikamruka. Dukani kwa Bu Haji alikuta watu wawili tu. Wiki hiyo ya Idi mama yule ana kazi kweli kweli, maana kila mtu anataka noti mpya za kuwapa watoto. Huwezi kumpa mtoto wa jirani noti iliyokunjamana siku ya Idi, utasemwa mpaka Idi ya pili. Kwa hiyo Bu Haji alikuwa ameenda benki akaleta mabunda mapya, kila bunda noti mia moja zilizofungwa kwa utepe wa karatasi: mabunda ya elfu ishirini, ambayo ni milioni mbili kila moja, na mabunda ya elfu kumi, milioni moja kila moja. Usiku alikaa akayatia kwenye bahasha za kahawia, bunda moja bahasha moja, akaandika kiasi juu kwa kalamu nene, akabana kwa pini mbili za stepla. Alifanya hivyo kwa wema, ili mtu asitembee barabarani na pesa inang'aa mkononi.

Bu Haji aliingiza namba ya kwanza, risiti ikatoka. Akaingiza ya pili, risiti ikatoka. Akachukua bahasha mbili zilizoandikwa "milioni 2", akaziweka dirishani pamoja na risiti.

"Haya mwanangu, nne hizo. Za vigae?"

"Ndiyo, Bu Haji."

"Noti mpya kabisa. Muuza vigae atafurahi kuliko bibi harusi." Akacheka. Halafu, kwa sababu benki inamtaka aseme, akasema haraka haraka, "Hesabu basi."

"Aah, Bu Haji, kwako tena?"

"Haya, salamu kwa mama."

Wening akatia bahasha kwenye mkoba, mkoba chini ya kwapa, akarudi nyumbani moja kwa moja. Hakusimama popote. Alimkabidhi Mak Tumirah bahasha zote mbili mlangoni, zikiwa na pini zake, kwa sababu ndivyo alivyozoeshwa: pesa ya nyumba hupita kwa mama kwanza. Risiti alizikunja akaziweka kwenye kifuniko cha simu.

Lori la vigae lilifika saa tano. Dereva, Pak Ngadiran, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alishusha vigae na mwenzake wakavipanga uani. Kisha akakaa kwenye benchi la barazani na Mak Tumirah akampa bahasha mbele ya majirani wawili waliokuja kutazama vigae, maana vigae vipya kwetu ni tamasha. Pak Ngadiran hakuwa na haya ya kijiji. Yeye hakuzaliwa Sumberjati. Alichana bahasha ya kwanza: bunda la kijani, elfu ishirini. Akahesabu zote mia. Akachana ya pili, akalisogeza bunda kwenye mwanga.

"Mama," alisema, "hii ni ya zambarau."

"Ya nini?"

"Za elfu kumi hizi. Bunda zima. Juu imeandikwa milioni mbili, ndani ni moja. Jumla milioni tatu. Mimi nina bei ya nne."

Mak Tumirah alilichukua lile bunda akaligeuza, akaligeuza tena. Halafu akamgeukia Wening taratibu, na majirani nao wakageuka.

"Nduk," alisema, na neno hilo ambalo kwetu mama humwitia binti yake lilitoka kali. "Milioni moja iko wapi?"

Wening alitikisa kichwa. "Sijafungua, Mak. Nimekupa kama nilivyopewa."

"Stepla kila nyumba ipo, bahasha hubanwa tena. Ya nyumba hii iko kwenye droo ya zamani ya Ratri."

"Mak, Wallahi—"

"Usiape, umefunga!"

Mimi nasema hivi: mtu ukimtuhumu mchana wa Ramadhani mbele ya watu, umemfunga mdomo mara mbili. Akinyamaza, ana hatia. Akipiga kelele, hana adabu. Wening alinyamaza, na machozi yakamjaa, na machozi nayo yakaonekana ushahidi.

Mak Tumirah akachukua simu yake, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiweka karibu na mdomo kama kipande cha muwa. "Sutris! Mama yako hapa. Pesa ya vigae imetoka pungufu milioni nzima. Aliyekwenda kuichukua ni mkeo, peke yake. Mimi sisemi kitu. Lakini kuanzia mwezi ujao hizo namba zitume kwa Ratri, kama zamani." Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda.

Hapo ndipo Wening alipoelewa kinachopotea. Milioni moja ni pesa, lakini pesa hupatikana. Sutris akisikia ule ujumbe, na namba zikihamia kwa Ratri, basi yeye katika nyumba ile atakuwa mwizi aliyekamatwa na kusamehewa tu. Atapika, atafua, atazaa, na kila akipita mbele ya watu watasema ndiye yule wa milioni. Mume yuko mbali, atamtetea kwa kipi?

Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Pak Ngadiran, tafadhali nisubiri. Utepe wa karatasi usiutoe, na hizo bahasha usitupe. Mak, nakwenda kwa Bu Haji sasa hivi. Twende wote."

"Mimi niende kufanya nini?"

"Ukaone kwa macho yako."

Pak Ngadiran alisema atalala kidogo ndani ya lori, kwani kahawa haipo na sigara haipo, mwezi wenyewe ndio huo. Wakaenda, Wening mbele na bunda la zambarau ndani ya bahasha yake iliyochanwa, Mak Tumirah nyuma, kandambili zake zikipiga chini kwa hasira.

Bu Haji Marfuah aliposikia, uso ulimbadilika. Kwanza alikasirika, kusema kweli. "Wening, umeondoka hapa saa tatu na nusu. Sasa ni saa sita kasoro. Mtu akishaondoka dirishani mimi nitajuaje?"

"Nina risiti zote mbili, Bu Haji." Wening akazitoa kwenye kifuniko cha simu. Akazikunjua dirishani. "Saa iko hapa, kiasi kiko hapa, na namba ya muamala iko hapa. Milioni mbili, mara mbili. Bahasha hii ina mwandiko wako. Sijasema umeniibia. Naomba ufunge dirisha, tuhesabu sanduku lako pamoja. Kama pesa imezidi milioni moja, ni yangu."

Dukani palikuwa na mzee mmoja aliyekuja kununua umeme, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wote wawili walisahau walichofuata.

Bu Haji alizichukua zile risiti, akazisoma. Angeweza kukataa. Mawakala wengi hukataa, husema pesa ikishatoka imetoka, nenda kalalamike benki. Lakini Bu Haji ni mtu wa haki, hata akiwa na hasira. Aligeuza kibao cha "Tumefungua" kikaangalia ndani, akavuta sanduku la chuma na daftari lake.

"Haya. Shahidi ni ninyi nyote."

Asubuhi alifungua na milioni ishirini na nne. Kwenye mashine, tangu asubuhi, kulikuwa na miamala minne tu: Wening alitoa mbili mbili, jumla nne. Mfanyabiashara wa mbolea aliweka milioni moja na nusu. Mwalimu mmoja alitoa laki tano. Kwa hiyo sandukuni inatakiwa ziwe milioni ishirini na moja. Zikiwa ishirini na mbili, Wening yuko sawa.

Bu Haji alichana kila bahasha iliyobaki, asije akaamini maandishi yake mwenyewe. Nne za milioni mbili: za kijani, za kijani, za kijani, za kijani. Nne za milioni moja: zambarau zote. Jumla kumi na mbili. Kisha noti zilizokuwa nje ya bahasha, zile za mchanganyiko. Alihesabu, akahesabu tena, yule mzee wa umeme akihesabu naye kwa midomo. Milioni tisa.

Ishirini na moja. Kamili, bila ya kuzidi hata elfu moja.

"Sandukuni hakuna pesa yako, mwanangu," Bu Haji alisema, na sasa alisema kwa huruma, jambo lililokuwa baya zaidi.

Mak Tumirah akashusha pumzi ndefu. "Umeona? Umeona sasa? Nilisema mimi!"

"Kamera je?" Wening aliuliza.

Waliitazama kamera kwenye simu ya Bu Haji. Mkono wa Bu Haji unatoa bahasha mbili zilizofungwa, mkono wa Wening unapokea bahasha mbili zilizofungwa. Basi. Kamera haioni ndani ya karatasi.

"Nitapiga simu benki," Bu Haji alisema. "Nitawapa namba za miamala, waandike malalamiko, watamtuma afisa aje akague. Hiyo ni haki yako, na namba yao iko hapo ukutani, waweza kupiga mwenyewe. Lakini nisikudanganye. Mashine itasema imetoa nne, na sanduku linasema limetoa nne. Afisa atakuja baada ya siku kadhaa, ataona hivi hivi tulivyoona."

Wening alisimama palepale. Mwanamke mwenye mtoto alianza kunong'ona na mzee wa umeme. Ungekuwa wewe, ungelia ukaenda zako. Wening naye alitaka kulia. Lakini kichwani mwake kitu kimoja kilikuwa kinakataa: alijua hakufungua ile bahasha. Kama yeye hakufungua, na sanduku limetimia, basi milioni moja imetoka mlangoni kwa miguu ya mtu mwingine.

"Bu Haji," alisema polepole, "usiku ulikuwa unatia mabunda kwenye bahasha. Kama bunda la elfu kumi liliingia kwenye bahasha ya milioni mbili, lile la elfu ishirini liliingia wapi?"

Bu Haji aliichukua ile bahasha iliyochanwa, akausoma mwandiko wake mwenyewe.

"Kwenye bahasha ya milioni moja," yule mzee wa umeme alidakia, akajiona hodari sana.

"Na hapa zimebaki nne, zote sawa," Wening alisema. "Usiku zilikuwa ngapi?"

"Tano," alisema Bu Haji. "Moja imetoka leo asubuhi. Mtu alileta milioni moja ya noti chakavu, nikambadilishia. Kubadilisha noti hakupiti kwenye mashine, ndiyo maana humo hamna. Ya Allah! Nimempa mbili kwa moja, na wewe nimekupa moja kwa mbili. Ndiyo maana sanduku limetimia."

"Ni nani?"

Bu Haji aliliinamia sanduku. Akaanza kupanga mabunda ambayo tayari yalikuwa yamepangika. "Mwenyewe aliniomba nisiseme. Siri ya mteja siitoi mbele ya watu, hata kwa milioni kumi." Akasema hivyo akiwa anatazama mitungi ya gesi. "Nitamfuata mimi kwake. Ila popote alipo, namwomba aifungue bahasha yake leo, isingoje watoto siku ya Idi."

Hapo Wening alikumbuka fungu moja la mchicha uliosinyaa, na saa nzima ya kulinunua. Aligeuka, akamwona mama mkwe wake. Mak Tumirah alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake, anausokota, anausokota, na macho yake yako chini kwenye magunia ya mchele. Huyu ndiye aliyekuwa akimwambia Sutris kila wiki kwamba hana hata senti, mafuta yameisha, sukari imeisha.

Maneno yalifika ulimini mwa Wening. Yalikuwa matamu, hata kwa mtu aliyefunga. Mbele ya mzee wa umeme na yule mwanamke angeyasema mara moja tu, na kabla ya magharibi kijiji kizima kingejua nani msafi na nani mwongo. Aliyameza.

"Ahsante, Bu Haji," alisema. "Usimfuate sasa. Subiri mpaka alasiri. Mak, twende, Pak Ngadiran anangoja."

Njiani kandambili za Mak Tumirah hazikupiga kelele tena.

Walipofika uani, dereva alikuwa anakoroma ndani ya lori. Wening akasimama mlangoni, akazungumza kama mtu anayeongea na kizingiti. "Mak, mimi naenda kisimani kuchota maji ya kutawadha. Nitakawia kidogo. Bahasha ambayo haijafunguliwa, mwenyewe hajui kilichomo. Hakuna aliyeiba." Akachukua ndoo, akaenda.

Alichota ndoo mbili, akazimwaga, akachota tena. Aliporudi, Mak Tumirah alikuwa amekaa mezani sebuleni. Mbele yake kulikuwa na bahasha ya kahawia imeandikwa "milioni 1". Pini mbili zilikuwa mahali pake.

"Karanga," Mak Tumirah alisema bila kuinua uso. "Nimeuza karanga za shamba la nyuma. Na bata wawili. Nimekuwa nikiweka kidogo kidogo tangu mwaka jana." Aliigusa bahasha kwa kidole. "Kila Idi watoto wote wanakuja hapa, nawapa noti mkononi mwangu, na mama zao wanawaambia, semeni asante kwa mjomba Sutris wa Taiwan. Mwaka hadi mwaka. Nikasema mwaka huu wataniambia asante mimi. Ndiyo hiyo tu. Sikutaka Sutris ajue, asije akasema kumbe mama ana pesa."

Wening aliweka ndoo chini. Alikuwa bado na hasira, tena nyingi, na sioni kwa nini nimfiche. Mtu akikuita mwizi mbele ya majirani, habari za karanga haziifuti papo hapo.

Mak Tumirah akaisukuma bahasha kwake. "Fungua wewe."

"Ni yako, Mak."

"Fungua, Nduk. Uhesabu. Mbele yangu, moja moja."

Wening akazing'oa pini. Bunda la kijani likatoka, noti zinanukia upya. Akaukata utepe, akalamba kidole, akakumbuka amefunga, akakipangusa kwenye sketi. Akahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Mama mkwe alifuata kila noti kwa macho. Ilipofika mia, Wening akasukuma bunda la zambarau upande wa pili wa meza, naye Mak Tumirah akalihesabu lake mia kwa sauti vilevile. Kila mtu akawa na chake.

Pak Ngadiran aliamshwa, akalipwa milioni nne kamili, akahesabu tena kwa sababu ndivyo alivyo, akawasha lori. Kabla hajaondoka, Mak Tumirah aliwaita wale majirani wawili waliokuwa bado wanazunguka zunguka karibu na ua.

"Njooni! Mlisikia nilichosema saa tano, sikieni na hiki. Bahasha zilichanganyika kwa Bu Haji. Iliyobaki ilikuwa kabatini kwangu. Kwangu mimi. Mkwe wangu hakuchukua kitu."

Halafu akashika simu. "Huu ujumbe nilioutuma unafutwaje?"

Wening akatazama. Alama mbili za buluu. "Ameshausikiliza, Mak."

Mak Tumirah akaibonyeza tena. "Sutris. Mama yako tena. Nilichokwambia asubuhi si kweli. Mkeo ni mwaminifu, na ana akili kunishinda. Namba zitume kwake kama kawaida." Akanyamaza, kidole bado kimebonyeza, mpaka Wening akadhani amesahau. "Na mama ana pesa. Ana milioni moja. Mafuta hayajaisha."

Alasiri walirudi kwa Bu Haji kumwambia pesa imeshapatikana, asimtafute mtu. Bu Haji aliandika kwenye daftari lake, akawataka wote wawili watie sahihi, akaomba radhi mara tatu. Stepla yake aliitia kwenye droo na hajaitoa tena. Karatasi ya ukutani ameiandika upya kwa kalamu nene, lakini karatasi ni karatasi, watu wa kwetu bado wanainamisha kichwa na kuondoka.

Mwezi uliofuata Sutris alituma namba kwa Wening. Mak Tumirah alikwenda naye. Bu Haji akaweka pesa dirishani, bila bahasha, na nyuma yao foleni ilikuwa ya watu saba. Wening akasita, mkono juu ya noti, ile haya ya kuzaliwa ikampanda mpaka masikioni.

"Hesabu, mwanangu," Mak Tumirah alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Taratibu. Nakusubiri."